Reli hukatwa usiku na kuungwa asubuhi: kilichowachelewesha Wajerumani kusini mwa Ufaransa, 1944

"Wakuu, kila nikisoma habari za Vita vya Pili naambiwa wapiganaji wa siri walikata reli za Wajerumani. Sasa reli ikikatwa usiku, asubuhi si inaungwa? Hilo liliyasaidiaje majeshi yaliyokuwa mstari wa mbele?"

Mkuu, kwa upande wa njia umepatia kabisa. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa mabehewa kwa miaka 22, kwenye njia ya mita moja, na nimeona gengi la watu kumi na wawili likibadilisha kipande cha reli kabla chai haijapoa, mradi reli ya akiba iko karibu. Wajerumani nao walikuwa na magengi, na njia iliyokatwa mahali pamoja haikuwatisha. Ndiyo maana napenda kukuelezea kisa cha Montauban, kwa kuwa waliofanya kazi ile hawakuhangaika na njia. Waligusa mabehewa, na mimi mabehewa nayajua.

Mwanzoni mwa Juni 1944 divisheni ya vifaru ya SS, jeshi la chama cha Hitler, iliyoitwa Das Reich ilikuwa imekaa maeneo ya Montauban, kusini mwa Ufaransa. Waingereza na Wamarekani walipotua Normandia tarehe 6 Juni, divisheni hiyo ilitakiwa kupanda kaskazini, mwendo wa kilomita 700 hivi. Hapa lazima ujue jambo moja kuhusu kifaru: hakikuumbwa kusafiri. Panther ina uzito wa tani 45 hivi, na ukiitembeza barabarani mamia ya kilomita, minyororo inaisha na gia zinakatika kabla haijamwona adui. Safari ndefu ya kifaru ni juu ya treni. Tena si behewa lolote linaloweza kubeba tani 45. Yanatakiwa mabehewa bapa yaliyoimarishwa, na hayo huwa machache. Wajerumani walikuwa wameyaweka tayari kwenye njia za pembeni katika eneo hilo.

Sasa kulikuwa na mtandao wa siri ulioitwa Pimento, chini ya kijana wa Kiingereza, Tony Brooks, aliyerushwa kwa mwavuli mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 20. Watu wake wengi walikuwa wafanyakazi wa reli wenyewe. Baada ya Ufaransa kushindwa mwaka 1940, Wajerumani waliwaacha Wafaransa waendeshe reli zao chini ya usimamizi, kwa sababu hawakuwa na watu wa kutosha kushika kila stesheni. Kwa hiyo aliyepanga treni, aliyepiga mashine, aliyekagua na aliyepaka mafuta, wote walikuwa wenyeji. Brooks aliletewa kwa ndege grisi iliyochanganywa na unga mgumu wa kusagia chuma. Usiku, watu wake wakayaendea mabehewa yale, wakanyonya mafuta kwenye maboksi ya ekseli na kuweka ile grisi. Miongoni mwao alikuwemo msichana wa miaka 16 na mdogo wake wa miaka 14.

Niwaeleze wasiojua ekseli. Katika behewa la zamani, ncha ya ekseli inazunguka chini ya bushi ya shaba, ndani ya boksi lenye mafuta. Kinachozuia chuma kisiguse shaba ni utando wa mafuta, mwembamba kuliko karatasi. Uzito wote wa mzigo umekaa juu ya utando huo. Ukiingia mchanga, utando unapasuka, shaba inalika, joto linapanda, mafuta yanaanza kuwaka. Tulikuwa tukipita kila treni iliposimama, mgongo wa mkono ukiwa karibu na boksi, kwa sababu harufu na joto hukuambia kabla ya moshi. Ukikosea, ncha ya ekseli inakatika na behewa linakaa chini njiani.

Mimi mwenyewe lilinipata. Mwenzetu alijaza mafuta kutoka pipa lililokuwa limeachwa wazi kwenye vumbi. Behewa nililikagua mimi, nikagonga magurudumu, yakalia vizuri, nikapasisha. Lilikwenda kilomita arobaini tu, boksi likawaka moto, treni ya mizigo ikaziba njia tangu jioni hadi mchana wa pili. Wala haikuwa hujuma, ni pipa chafu tu. Na ndiyo siri yenyewe ya Montauban: behewa lililosimama halionyeshi chochote. Mlinzi mwenye bunduki anaweza kulizunguka usiku kucha asione kasoro. Ugonjwa unajitokeza likiwa na mzigo na limeshakimbia.

Wajerumani walipotaka kupakia vifaru, mabehewa yale hayakufaa. Kuyabadilisha si sawa na kuunga reli: bushi mpya hazipatikani kando ya njia, na behewa jingine la uwezo ule lazima litafutwe mbali. Wakati huohuo, usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni, ule mpango wa kukata reli uliopewa jina la Kijani ulikuwa umeanza nchi nzima baada ya ujumbe wa mafumbo kusomwa kwenye redio ya BBC. Hapo ndipo kukata njia kunapata maana, mkuu. Sehemu moja inaungwa asubuhi, lakini sehemu mamia zikikatwa usiku mmoja, magengi na kreni za kunyanyulia treni iliyoanguka hazitoshi. Wapiganaji walijua hilo, na kreni zenyewe zilikuwa katika orodha yao ya mambo ya kuharibu.

Basi tarehe 8 Juni vifaru vikaondoka kwa barabara. Siku mbili baadaye kamanda wa divisheni aliripoti kwamba asilimia 60 ya vifaru vyake havitembei. Vikasubiri vipuri, na vipuri navyo huja kwa treni. Njiani wakavamiwa na wapiganaji wa misituni, makundi madogo yenye bunduki nyepesi yaliyoziba barabara kwa magogo, yakapiga na kukimbia. Safari iliyokadiriwa siku tatu ilichukua zaidi ya wiki mbili, na hizo ndizo wiki ambazo majeshi yaliyotua yalikuwa bado yamebanwa karibu na ufukwe.

Sitaki niwape wafanyakazi wa reli sifa isiyokuwa yao. Ndege za Waingereza na Wamarekani zilikuwa zimevunja madaraja ya mto Loire, na treni zilizopatikana baadaye zilikwama huko pia. Halafu divisheni yenyewe iliamriwa kwanza kuwasaka wapiganaji kabla ya kuendelea, kwa hiyo sehemu ya ucheleweshaji ni uamuzi wa wakubwa wao wenyewe. Kugawa siku hizo ukasema hizi za grisi, hizi za mabomu, mimi siwezi kukudanganya kwamba inawezekana.

Na amri ile ya kusaka ndiyo inayonifanya nisisimulie kisa hiki kwa furaha. Tarehe 9 Juni, mjini Tulle, askari wa divisheni hiyo waliwanyonga wanaume 99 kwenye nguzo na vibaraza. Kesho yake wakaingia kijiji cha Oradour-sur-Glane, wanaume wakapigwa risasi kwenye maghala, wanawake na watoto wakafungiwa kanisani na kuchomwa. Walikufa zaidi ya watu 640. Kijiji kile hakikuwa kituo cha wapiganaji. Magofu yake hayakujengwa upya, yameachwa kama yalivyo, na reli ya tramu iliyokuwa ikileta watu kutoka Limoges bado inaonekana katikati ya barabara kuu.