Filamu inakwama mtu akipakia faili

"Mke wangu akianza kupakia video za harusi, filamu sebuleni inakwama. Laini ni ya megabiti 20, tatizo ni nini?"

— Ongeza kifurushi, bosi. Hiyo kasi ni ndogo.

— Kifurushi kitapunguza tu, foleni itabaki. Faili inasukumwa haraka kuliko laini inavyoweza kutoa, basi ziada inarundikana kwenye modemu. Ikiwa imehifadhi megabaiti 2, kwa megabiti 20 kwa sekunde hiyo ni karibu sekunde 0.8 ya kungoja. Filamu inashuka, ndiyo, lakini runinga lazima irudishe risiti ndogondogo za kupokea, na hizo zinakwama nyuma ya harusi. Seva isipopata risiti kwa wakati, inapunguza mwendo.

Pima kwanza, kabla na wakati anapakia:

```
ping 8.8.8.8
```

Ikiruka kutoka milisekunde 15 hadi 800, ndiyo hiyo. Kama ruta inatumia programu ya OpenWrt, sakinisha `luci-app-sqm`, chagua `cake`, mpangaji wa foleni, kisha kikomo cha kupakia kiwe `18000`, yaani kilobiti kwa sekunde, chini kidogo ya megabiti 20 za laini yako. Foleni itahamia kwenye ruta, ambako cake inaupa kila mtiririko zamu yake. Upande wa kushusha nao uwekee kikomo. Ruta dhaifu inaweza kuzidiwa.

— Mimi niko Kayole, natumia ruta ya laini ya simu. Niweke ngapi?

— Hapo pagumu. Kasi hubadilika kila saa: kikomo kinachofaa usiku, jioni foleni inarudi.