Sweta la sufu limesinyaa, kitambaa cha hariri kina madoa ya maji

"Nipo Mbeya. Nilifua sweta la sufu la mtumba kwa maji ya moto na sabuni ya unga, likawa dogo na gumu. Kitambaa changu cha hariri nacho kimebaki na alama za matone ya mvua. Nifanyeje?"

Pole dada. Hilo sweta halitarudi lilivyokuwa. Unywele wa sufu una magamba madogo. Joto, sabuni kali na kusugua huyafanya yang'ang'aniane. Mimi nililiharibu la kwangu wakati wa kusuuza: nilitoka kwenye maji ya vuguvugu nikalitumbukiza kwenye maji ya bomba ya Julai, na unayajua yalivyo!

Lijalo, weka maji yasiyokuunguza wala kukushtua mkono, kijiko kimoja cha shampuu kwa beseni. Libonyezebonyeze dakika chache, usisugue. Suuza kwa maji ya joto lilelile. Usilikamue kwa kulisokota. Likunje ndani ya taulo kavu, ukandamize, kisha ulilaze juu ya taulo jingine kivulini. Ukilining'iniza kwenye kamba, uzito wa maji utalirefusha mikono.

Hariri huacha alama ikilowa sehemu tu. Usifute doa lenyewe: loweka kitambaa chote kwa namna hiyohiyo, ukikaushe kwa taulo, ukianike kivulini. Kwanza bonyeza pembe yake na kitambaa cheupe chenye maji. Rangi ikitoka, au kama kina nyuzi za dhahabu, kipeleke kwa dobi wa kufua kwa dawa.