Siku saba za matanga ya Kiyahudi

"Jirani yangu Myahudi kamzika baba yake Jumanne. Siku saba zinaisha lini, na sala yao ya marehemu inasemaje?"

Jumatatu asubuhi. Wapo wanaodhani zinaanza mtu anapokata roho, lakini sivyo: shiva, yaani hizo siku saba za matanga, huanza baada ya maziko, na siku ya maziko ni ya kwanza hata kama jua linakaribia kuzama. Sabato inahesabiwa, ila siku hiyo wafiwa hawaoneshi msiba hadharani. Nguo ambayo mfiwa aliichana kwa huzuni huwekwa kando siku hiyo. Siku ya saba hukaa kidogo asubuhi, kisha huinuka.

Sala ya kadishi ndiyo hunigusa zaidi. Humo halimo neno kifo. Mfiwa anasimama na kumtukuza Mungu kwa Kiaramu, wenzake wanaitikia "amina". Hasomi peke yake: lazima wawepo watu wazima kumi, ndiyo maana majirani hujaa nyumbani. Kama wanawake wahesabiwe, wenyewe hawajakubaliana. Kwa mzazi, kadishi huendelea miezi 11.

Ukienda, dada, keti kimya mpaka mfiwa aanze kuzungumza.