Nani amchukue mtoto, na lango likifungwa?

Nimekwama kwenye jam Jogoo Road. Kwa nini kituo cha kulelea watoto kinamkatalia jirani niliyemtuma, na mimi mwenyewe nimepiga simu?

Kwa sababu sauti kwenye simu haitoshi kumjua mtu. Sera nzuri humweleza mzazi siku ya usajili jinsi ya kumtuma mtu mwingine. Unatuma ujumbe kutoka kwa nambari uliyoandikisha, ukitaja jina la anayekuja na nambari yake ya kitambulisho. Mwalimu anafungua fomu yako, anakupigia kwa nambari iliyoandikwa humo, anakuuliza neno la siri. Jirani akifika anaonyesha kitambulisho chenyewe, si picha ya kwenye simu, kisha anatia sahihi na saa kwenye daftari.

Mambo huharibika pale mtu anapopiga akisema, “Simu yangu imezima, natumia ya mwenzangu,” na mwalimu akairudia nambari hiyohiyo. Hapo amemwuliza mgeni kama mgeni ni wa kuaminika. Usipopatikana kwa nambari ya fomu, apigiwe wa pili kwenye orodha yako, na mtoto abaki ndani mpaka mmoja wenu athibitishe. Hata mtoto akimkimbilia jirani akiita “Anti!”, hiyo inaonyesha anamfahamu tu, si kwamba umemtuma.

Tumeachana na baba ya mtoto. Nikisema wasimpe, watanisikiliza?

Watakupigia simu mara moja, lakini neno lako pekee halimwondolei haki yake. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la. Kama kuna amri ya mahakama, peleka nakala iwekwe kwenye faili, na kila mwalimu wa zamu ya jioni aijue. Akija amelewa ni suala jingine: mlevi hakabidhiwi mtoto, hata awe mzazi.

Bodaboda wetu je?

Anayeandikishwa ni mtu, si pikipiki. Akimtuma mwenzake wa stejini, huyo ni mgeni, na hatua zile zinaanza upya.

Mnafunga saa kumi na mbili jioni. Nikichelewa inakuwaje?

Sera itaje dakika. Kwa mfano, saa kumi na mbili na dakika kumi unapigiwa wewe. Na nusu, wote walio kwenye orodha yako. Saa moja, kama hakuna aliyepatikana, kituo kinapiga 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto, au kituo cha polisi kilicho karibu. Muda huo wote wanabaki watu wazima wawili, na hakuna mwalimu anayeondoka na mtoto kwenda naye kwake. Ada ya kuchelewa iandikwe kwa shilingi kwa kila robo saa, iingie kwenye bili ya mwezi. Isidaiwe langoni, wala mtoto asizuiliwe kwa sababu yake. Wakati anasubiri, anywe uji ndani pamoja na mwalimu, asikalishwe getini na begi mgongoni akihesabu magari.