Kalenda mbili zinazosawazishwa: chunga kikao kilichohamishwa na mwalikwa aliyeondolewa

Ofisi ninazozihudumia mara nyingi zina mpangilio huu: upande mmoja wanatumia Google Calendar, mshirika wao anatumia Outlook, na katikati kuna skripti inayoamka kila baada ya dakika 15 kuhamisha mabadiliko. Kwa mkutano wa mara moja mambo huenda vizuri. Taabu huanza kwenye kikao cha kila wiki.

Tuchukue kikao cha mipango cha kila Jumatatu saa nne asubuhi, kilichoanza tarehe 6 Januari 2025. Kalenda haihifadhi vikao hamsini tofauti. Inahifadhi tukio mama moja lenye kanuni ya kujirudia, kisha vikao vyote vinachorwa kutokana na kanuni hiyo. Meneja akihamisha kikao cha tarehe 20 kwenda Jumanne tarehe 21 saa nane mchana, kinaandikwa kipekee pembeni ya mama:

```
UID:mipango@ofisi.example
RECURRENCE-ID;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20250120T100000
DTSTART;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20250121T140000
```

Mstari wa pili ndio wenye kila kitu. Unasema hiki ni kile kikao ambacho *kingekuwa* tarehe 20 saa nne. Skripti inayotambua vikao kwa saa ya kuanza itakiona cha Jumanne kama kitu kipya, itakiongeza upande wa pili, na cha Jumatatu kitabaki palepale. Ukisikia watu wa upande mmoja wameketi chumbani Jumatatu huku wenzao wanawasubiri Jumanne, anza kuangalia hapo.

Kwa hiyo katika jedwali lako la kuoanisha, ufunguo uwe vitu viwili kwa pamoja: kitambulisho cha tukio mama na muda wa awali wa kikao. Kwenye API ya Google ni `recurringEventId` na `originalStartTime`. Kuna sababu nyingine ya kuvitegemea. Kikao kimoja kikifutwa, Google hukirudisha kikiwa na `status` ya `cancelled`, na sehemu zinazohakikishwa kuwa na kitu ni `id` na hizo mbili tu. Ukitafuta `start` unaweza kukuta patupu, na kikao kilichofutwa kitaendelea kuonekana Outlook.

Sasa waalikwa. Kikao kilichohamishwa kina orodha yake ya waalikwa, haikopi kila mara ile ya mama. Mhasibu mpya akiongezwa kwenye mfululizo, usidhani ameingia na kwenye kikao cha tarehe 21. Baada ya kila badiliko la mama, pitia vile vikao vya pekee kimoja kimoja, ulinganishe orodha zao na za upande wa pili.

Kuondolewa ndiko kugumu zaidi kukamata. Mtu akitolewa, tukio halibebi alama yoyote kwamba aliwahi kuwemo. Jina linakosekana tu. Usipokuwa umehifadhi orodha ya safari iliyopita, huna cha kulinganisha nacho, na yule aliyehama idara ataendelea kuona kikao kwenye kalenda yake pamoja na kiungo cha kuingilia. Kama kikao kinajadili mishahara, hilo si jambo dogo. Hifadhi anwani za waalikwa kila skripti inapomaliza kazi.

Na unapoandika upande wa Google, kumbuka kwamba `patch` yenye `attendees` hubadilisha orodha nzima. Ukituma jina la mhasibu mpya peke yake, wengine wote wanatoka. Ukituma orodha nzima kutoka nakala ya dakika 15 zilizopita, unaweza kufuta jibu la mtu aliyekubali mwaliko katikati ya muda huo. Soma tukio lilivyo sasa, ongeza au toa anayehusika, ndipo uandike.

Ushauri wangu, na ninausimamia kwa kila ofisi: kalenda moja iwe ndiyo yenye mwaliko, nakala ya upande wa pili isiwe na waalikwa kabisa. Majina yaandike kwenye maelezo ya tukio. Upande wa Microsoft Graph, tukio lenye waalikwa likiundwa mialiko hutumwa yenyewe, na watu wenye anwani pande zote mbili watapata barua mbili za kikao kimoja, wajibu moja, na mwandaaji aone hawajajibu. Unapoteza vitufe vya kukubali na kukataa kwenye nakala, lakini majibu yanakaa mahali pamoja.

Jambo la mwisho ni chaguo la kubadilisha "hiki na vinavyofuata". Hapo mfululizo hukatwa: wa zamani unawekewa kikomo, na mwingine unazaliwa ukiwa na kitambulisho kipya. Jaribu hili kwenye kalenda ya majaribio kabla ya kuwasha skripti: toa mwalikwa kuanzia kikao cha nne, subiri izunguke, kisha hesabu vikao vya Jumatatu ya tano upande wa pili. Ukikuta viwili, kikomo cha mfululizo wa zamani hakijafika.