Eneo la jani la matembele kwenye picha ya karatasi ya grafu: 20 au 64?

"Nimepiga picha ya jani la matembele juu ya karatasi ya grafu. Nikihesabu miraba ya sentimita moja napata 20, mke wangu anapata 64 kwenye picha ileile. Nani amekosea? Na ile miraba iliyokatwa na ukingo wa jani inahesabiwaje?"

Ndugu, hakuna aliyekosea kuhesabu. Wewe umehesabu miraba iliyofunikwa kabisa, naye mama amehesabu kila mraba ulioguswa na jani, hata kwa ncha tu. Kwa hiyo eneo la kweli haliwezi kushuka chini ya sentimita za mraba 20 wala kuzidi 64, na tofauti yenu, yaani 44, ndiyo idadi ya miraba iliyokatwa na ukingo. Jani la matembele lenye vidole lina ukingo mrefu kuliko jani la duara la eneo hilohilo, ndiyo maana miraba iliyokatwa ni mingi kuliko ile mizima.

Njia ya kawaida ni kuchukua kila mraba uliokatwa kuwa ni nusu, kwa sababu mwingine umefunikwa robo, mwingine robo tatu, na mwisho wa yote hufidiana. Kwenu itakuwa 20 na nusu ya 44, jumla sentimita za mraba 42. Kwa jani pana lisilo na vidole ningeishia hapo. Kwa matembele siishii hapo, maana ncha nyembamba ikiingia kidogo tu ndani ya mraba nasi tunaihesabu nusu, na vidole vya namna hiyo vikiwa vingi, hesabu inapanda juu.

Mimi nililima matembele kwenye bustani ndogo huku Mwanza, nikawa napima majani ya mbegu mbili ili nione ipi inatoa jani kubwa zaidi. Tatizo la picha lilinisumbua siku za kwanza: jani halipitishi mwanga wa kutosha, hivyo mistari iliyo chini yake haionekani, nami nilikuwa najaribu kukisia miraba midogo iliyojificha. Baadaye niligundua kwamba si lazima kuiona. Kinachoonekana wazi ni sehemu ya karatasi ambayo jani halikuifunika, basi ihesabu hiyo, kisha utoe.

Karatasi ya grafu tunayotumia mashuleni ina mistari minene ya kila sentimita, na ndani ya kila mraba wa sentimita mna miraba midogo 25 yenye upande wa milimita 2. Ile 20 mizima iache kama ilivyo. Chukua ile 44 iliyokatwa peke yake: jumla yake ni miraba midogo 1,100. Ndani ya hiyo, hesabu midogo iliyo wazi kabisa, kisha midogo iliyokatwa na ukingo. Katika jani langu moja lililofanana na lenu, lenye 20 mizima na 44 iliyokatwa, nilipata 482 iliyo wazi na 216 iliyokatwa. Nusu ya 216 ni 108. Kwa hiyo iliyofunikwa ni 1,100 ukitoa 482 na 108, inabaki 510, na 510 ukigawa kwa 25 unapata sentimita za mraba 20.4. Ukijumlisha na 20 za mwanzo, jani lina 40.4.

Tazama kilichotokea kwenye mipaka. Mwanzo tulijua tu kwamba eneo liko kati ya 20 na 64. Sasa miraba yenye shaka ni midogo 216, ambayo yote kwa pamoja ni sentimita za mraba 8.64 tu, hivyo eneo liko kati ya 36.1 na 44.7, na makadirio ya kati yana nafasi nzuri zaidi kwa kuwa makosa ya vipande 216 yanafidiana vizuri kuliko makosa ya vipande 44. Weka alama ya kalamu juu ya picha iliyochapishwa kila unapomaliza mraba mmoja wa sentimita, la sivyo utahesabu mingine mara mbili. Kikonyo usikihesabu.

Ili kujua mraba upi ni mzima, unganisha kwa rula mistari minene inayotokea upande huu wa jani na inayoendelea upande wa pili. Hapa watu wengi huhofia simu iliyoinama. Kama jani limelala bapa kwenye karatasi, kuinama hakuharibu hesabu, kwa sababu miraba na jani vinapotoshwa pamoja, na mstari ulionyooka unabaki umenyooka. Unachokatazwa ni kupima sentimita kwa rula juu ya kioo cha simu. Tatizo lingine ni pembezoni mwa picha, ambako lenzi hupinda mistari, kwa hiyo weka jani katikati.

Kosa baya ni jani lililoinuka. Ukishika simu sentimita 30 juu ya karatasi na jani limenyanyuka sentimita 1, linaonekana kubwa kuliko miraba iliyo chini yake: 30 gawa kwa 29, kisha uzidishe jibu kwa lenyewe, unapata ongezeko la asilimia 7 hivi. Kwa jani la 40, hiyo ni karibu sentimita za mraba 3, zaidi ya tofauti kati ya 42 na 40.4 tuliyohangaika nayo. Ukiinua simu hadi sentimita 60 na kuvuta picha karibu, kosa linashuka hadi asilimia 3 na ushee. Dalili yake ni kivuli kinachoonekana kati ya ukingo na karatasi. Ukiwa na shaka, piga picha mbili kwa urefu tofauti uhesabu zote; zikitofautiana sana, jani halijalala. Mimi hulibana kwa kioo kilichotolewa kwenye fremu ya picha, nikizima taa ya simu isirudishe mng'ao. Na ulibane mara tu baada ya kulichuma: majani niliyoyabeba kwenye mfuko juani mchana yalikuwa yamejikunja kabla sijafika nyumbani, na jani lililojikunja halikunjuki lote hata ukilibana.

Jambo la mwisho lilinigharimu wiki nzima. Grafu yangu ilikuwa nakala ya kivuli, na nilipoipima kwa rula, mistari iliyopaswa kuwa sentimita 10 ilikuwa na 9.7. Maana yake kila mraba ulikuwa na 0.97 mara 0.97, yaani 0.94 ya sentimita ya mraba, na jani lililohesabiwa 40.4 lilikuwa kweli na 38. Basi kabla ya kupiga picha, pima karatasi yenyewe kwa urefu na kwa upana pia, kwa sababu mashine ya kunakili inaweza kubana upande mmoja tu. Zidisha vipimo hivyo viwili, gawa kwa 100, na uzidishe hesabu yako kwa jibu hilo. Ukiandika matokeo, andika namba nzima, mfano 40 na wala si 40.4, kwa kuwa ile nukta nne haiko ndani ya uwezo wa njia hii.