0.93 au 0.04? Uhusiano wa mifumo mitatu kwenye akaunti moja

Swali: "Yaya, nina mifumo mitatu ya biashara ya sarafu kwenye MT5, kila mmoja na jozi yake. Nimeweka mistari ya salio kwenye CORREL ya Excel, nikapata 0.93. Rafiki yangu hapa Goma amechukua faida na hasara za oda zilizofungwa, siku kwa siku, akapata 0.04. Nani yuko sahihi? Na je, naweza kupandisha loti?"

Mdogo wangu, wote wawili mmekosea, ila kosa la rafiki yako ndilo la hatari, kwa sababu linaleta namba tamu. Mimi nililifanya hapa Lubumbashi mwaka 2024 na lilinigharimu.

La kwako nalimaliza haraka. Mistari miwili inayopanda siku zote itaonekana ndugu, hata kama mmoja ni wa dhahabu na mwingine ni urefu wa mwanao. Hatupimi salio lilipofika, tunapima lilivyobadilika kutoka siku hadi siku. Hiyo 0.93 itupe.

Sasa la rafiki yako. Mfumo A umenunua Jumatatu, ukatoka kwa stopu Ijumaa na hasara ya dola 200. Mfumo B umenunua Jumanne, ukatoka Jumatano ya wiki ya pili na hasara ya 180. Kwenye jedwali lake, Ijumaa A ana −200 na B ana 0; Jumatano B ana −180 na A ana 0. Excel haioni siku hata moja ambayo waliumia pamoja, kwa hiyo inasema hawajuani. Lakini ukifungua ekwiti, yaani pamoja na oda zilizo wazi, unakuta kuanzia Jumanne hadi Ijumaa A alikwenda −50, +20, −90, −50, na B −40, +10, −80, −30. Walikuwa wanatembea wameshikana mikono. Tarehe ya kufunga ndiyo iliyowatenganisha, soko halikuwatenganisha.

Mimi nilikuwa na mitatu ya namna hiyo. Wa kwanza ulinunua USDJPY kwa kufuata mwelekeo. Wa pili ulinunua AUDUSD inaporudi nyuma kidogo; niliuchagua kwa sababu huku kwetu hata muuza mkaa ana habari za bei ya shaba, na dola ya Australia hupenda kufuata metali. Wa tatu ulinunua faharasa ya S&P 500 ikishuka siku tatu mfululizo. Kanuni tofauti, chati tofauti, na kwa oda zilizofungwa uhusiano ulikuwa karibu na sifuri. Nikalala usingizi.

Tarehe 31 Julai 2024 Benki Kuu ya Japani ilipandisha riba hadi asilimia 0.25. Waliokuwa wamekopa yeni kwa riba ndogo ili kununua vitu vingine duniani wakaanza kuirudisha. USDJPY, iliyokuwa karibu na 162 mwanzoni mwa Julai, tarehe 5 Agosti ilishuka chini ya 142. Siku hiyo hiyo S&P 500 ilipoteza asilimia 3, na dola ya Australia ikaburuzwa nayo. Mifumo yangu yote mitatu ilikuwa imenunua. Nilichoita mifumo mitatu kilikuwa dau moja, kwamba dunia itaendelea kuwa na ujasiri, nililoliandika mara tatu.

Baada ya hapo nilianza kupima upya. Kila mfumo una namba yake (kwenye msimbo ni `POSITION_MAGIC` kwa oda zilizo wazi, `DEAL_MAGIC` kwa zilizofungwa), kwa hiyo niliandika roboti ndogo ambayo kila siku inajumlisha, kwa kila namba, faida yote iliyofungwa tangu mwanzo, ile inayoelea, swopu na kamisheni, halafu inaandika mstari mmoja kwenye faili. Inaandika saa za seva ya broka zinapobadilisha siku. Kwa broka wangu hiyo ni saa sita usiku wa Lubumbashi, au saa tano Amerika wakiwa kwenye saa zao za kiangazi. Umeme ukikatika usiku, mstari unakosekana. Usiujaze kwa sifuri: sifuri hapo ni uongo. Mabadiliko yake yaache yaingie siku inayofuata, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupenda wiki kuliko siku. Sababu nyingine ni kwamba mshtuko mmoja unaweza kugusa soko moja leo na jingine kesho. Kwa wiki huwa ni kitu kimoja.

```python
import pandas as pd
e = pd.read_csv("ekwiti.csv", index_col=0, parse_dates=True)
w = e.resample("W-FRI").last().diff().dropna()
print(w.corr())
mbaya = w.nsmallest(10, "A")
print(mbaya[["B", "C"]].mean())
```

Loti ziwe zile zile kipindi chote, au ugawe matokeo kwa loti kwanza. Kwangu mimi wastani wa uhusiano wa mifumo hiyo, miwili miwili, ulitoka 0.6.

Mistari miwili ya mwisho ndiyo ninayoitazama zaidi. Inachukua wiki kumi mbaya kabisa za A na kuuliza B na C walipata nini wiki hizo. Kwangu wote walikuwa na hasara. Usikokotoe uhusiano ndani ya hizo wiki kumi tu: ukishachagua kwa kutazama A, umebana mtawanyiko wake, na namba inaweza kushuka yenyewe ikakupa faraja ya bure. Wastani wa dola unatosha.

Kuhusu loti, hesabu ni fupi. Tuseme kila mfumo peke yake unatikisa akaunti asilimia 3 kwa mwezi. Mitatu yenye ukubwa sawa, pamoja, r ikiwa wastani wa uhusiano wao, inatikisa:

```
3 * sqrt(3 + 6*r)
```

Kwa r ya 0 unapata 5.2. Kwa 0.6 unapata 7.7. Kama ingekuwa kitu kimoja kabisa, yaani r ya 1, ni 9. Mimi nilikuwa nimepanga maisha yangu kwa 5.2 huku nikiishi na 7.7. Ili nirudi kwenye 5.2 ilibidi nipunguze kila kitu kwa theluthi: loti 0.03 ikawa 0.02. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho, kwa sasa, ni hapana.

Angalia pia una wiki ngapi. Kosa la kipimo ni takriban 2 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wiki. Wiki 60 zinakupa 0.26 kila upande, kwa hiyo 0.1 uliyoipata inaweza kuwa 0.36 iliyojificha. Mimi hukokotoa loti kwa ile ya juu. Nikiwa na wiki chini ya 50 naweka 0.5 bila kuuliza Excel.

Mwishowe niliutoa ule wa AUDUSD, ingawa ulikuwa na faida, nikaweka unaofuata mwelekeo wa dhahabu na unaouza pia, si kununua tu. Peke yake ni mbovu kuliko ule niliotoa. Kwenye wiki mbaya za A, hadi sasa, wastani wake uko juu ya sifuri kidogo, ila ni wiki kumi tu hizo.

Nitumie lile faili ukishakuwa na angalau wiki 50 za ekwiti ya kila siku. Na uniambie, hiyo mifumo yako mitatu, kuna hata mmoja unaouza?